Maji ya moto kiasi gani? Chai ya kijani na chai nyeusi, na kwanini maji yanayotokota yanaleta uchungu

Wapo wengi walionunua boksi la chai ya kijani, wakanywa vikombe viwili vitatu, boksi likarudi kabatini mpaka tarehe ikapita. Ukiwauliza wanakwambia chungu bana. Ukiuliza ilipikwaje, unakuta ni vile vile inavyopikwa chai ya rangi, yaani maji yametokota, majani yametumbukizwa, jiko bado linawaka, alafu yote yamemiminwa kwenye chupa ya chai na majani yake na kunywewa mpaka saa nne. Chai nyeusi inavumilia mengi katika hayo. Ya kijani haivumilii, na sababu iko ndani ya jani lenyewe, kwahiyo tuanzie hapo kabla ya kwenda jikoni.

Chai ya kijani na chai nyeusi ni mmea mmoja. Majani yanayochumwa Kericho, Limuru, Mufindi au Rungwe yanaweza kuwa hii au ile, inategemea kiwanda kimeyafanya nini baada ya kuchumwa. Jani bichi la chai limejaa vitu vinavyoitwa katekini, na hivi ndivyo vyenye uchungu na vinavyokausha mdomo. Ndani ya jani hilo hilo kuna kimeng'enya ambacho, jani likisagwa na hewa ikaingia, kinaanza kuzibadilisha zile katekini. Kwa chai nyeusi kiwanda kinataka hilo litokee. Jani linanyaushwa, linapitishwa kwenye mashine za CTC zinazolikata, kulichana na kulisokota, alafu linaachwa kwenye hewa saa moja hivi au zaidi mpaka linageuka rangi ya shaba, ndipo linakaushwa. Katekini nyingi hapo zimeshageuka kuwa vitu vikubwa zaidi, theaflavini na thearubijini, ambavyo ndivyo vinavyokupa ule wekundu na ule ukali wa chai unaojaza mdomo.

Kwa chai ya kijani wanafanya kinyume. Jani likishafika tu linapigwa joto, Wajapani kwa mvuke, Wachina mara nyingi kwa kukaanga kwenye karai kubwa, ili kile kimeng'enya kife haraka. Jani linabaki kijani na katekini zake zinabaki karibu zote. Kwahiyo unapomwaga maji kwenye chai ya kijani unamwaga juu ya jani ambalo uchungu wake bado uko ndani, haujabadilishwa na mtu. Maji yakiwa ya moto sana yanautoa wote na kwa haraka.

Sasa jani hilo lina kitu kingine, theanini, ambayo ndiyo inaleta ule utamu laini unaobaki ulimini ukishameza. Na uzuri wake ni kwamba theanini haihitaji moto mkali kutoka, hata maji ya uvuguvugu yanaitoa vizuri tu. Katekini, hasa zile kali zaidi, pamoja na kafeini ambayo nayo ni chungu, zinatoka kwa wingi kadri joto linavyopanda. Mchezo wote uko hapo. Ukitumia maji ya digrii 75 au 80 unapata utamu wa kutosha na uchungu kidogo, ukitumia ya 100 unapata utamu ule ule lakini umefunikwa na uchungu na huusikii tena.

Chai nyeusi iko upande mwingine. Zile theaflavini na thearubijini, na ile harufu yake, zinataka moto ili zitoke, kwahiyo ukiipa maji ya digrii 80 inatoka nyepesi, ina rangi lakini haina uzito mdomoni, na watu wanafikiri majani ni feki kumbe maji yalikuwa yamepoa. Hata ushahidi wa macho upo: pika chai nyeusi kali bila maziwa, iache ipoe kabisa, utaona inakuwa na ukungu. Ni theaflavini zimeshikana na kafeini zikashindwa kubaki zimeyeyuka kwenye maji ya baridi. Ipashe moto, ukungu unapotea.

Jua unachosikia mdomoni kwanza

Kabla hujaanza kurekebisha chochote, tofautisha uchungu na ukakasi, maana watu wanaviita vyote uchungu na dawa zake hazifanani. Uchungu unausikia ulimini, na sukari inauficha. Ukakasi ni mdomo kukauka, mashavu kwa ndani yanajivuta na ulimi unakwaruza ukiupitisha kwenye fizi, kama mtu aliyeng'ata ndizi mbichi. Sukari haiusaidii sana ukakasi, ndio maana kuna watu wanaongeza vijiko vitatu kwenye chai ya kijani na bado hawaipendi, wanapata chai tamu inayokausha mdomo.

Ukakasi unatokana na katekini na ndugu zake kushikana na protini za mate. Na hapo ndipo utaelewa kwanini chai yetu ya maziwa inaweza kuchemka jikoni dakika kumi na isikukwaruze: maziwa nayo yana protini, zile kemikali zinashikana na protini ya maziwa kwenye sufuria kabla hazijafika mdomoni kwako. Chai ya maziwa ya kutokota na majani ya CTC sio kosa lolote, ni mapishi yanayoendana na jani hilo. Toa maziwa, chemsha majani hayo hayo dakika kumi, utaona tofauti.

Kupima joto bila kipimajoto

Kama una kile kipimajoto cha jikoni cha kuchomeka, safi, tumia. Wengi hatuna, na wala sio lazima. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kuchanganya maji, kwasababu ni hesabu tu na haitegemei macho ya mtu.

Kwanza ujue maji yako yanachemka kwenye digrii ngapi, maana sio 100 kila mahali. Kila ukipanda kama mita 300 kutoka usawa wa bahari, kiwango cha kuchemka kinashuka karibu digrii moja. Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar maji yanachemka kwenye 100 hivi. Nairobi na Mbeya, ambako ni mita 1,700 hivi, yanachemka kwenye 94. Kericho na Njombe ni kama 93. Sio kwamba jiko lako ni bovu, hata uyaache yatokote saa nzima hayapandi zaidi ya hapo.

Tuchukue kikombe cha mililita 200, yaani mag ya kawaida isiyojazwa mpaka juu. Uko Dar, maji ya kunywa ya mezani yako digrii 25 hivi. Weka robo ya kikombe maji ya baridi, yaani mililita 50, alafu jaza robo tatu, mililita 150, kwa maji yanayotoka kuchemka. Hesabu inakuja hivi: 150 mara 100 ni 15,000, jumlisha 50 mara 25 ambayo ni 1,250, unapata 16,250, gawa kwa 200 unapata digrii 81. Kikombe chenyewe kikila joto kidogo unashuka mpaka sabini na kitu za juu, na hapo ndipo chai ya kijani nyingi inapokaa vizuri.

Mtu wa Nairobi akifuata robo ile ile anaangukia pabaya kidogo. Maji yake ya moto ni 94 na ya baridi labda 20, akichanganya tatu kwa moja anapata 75, kikombe kikichukua chake anabaki sabini na kidogo tu, chai inatoka imepooza. Yeye achanganye nne kwa moja: mililita 160 za moto na 40 za baridi, anapata 79. Ni tofauti ya vijiko viwili vya maji lakini mdomoni inasikika.

Mambo mawili usiyasahau hapa. Maji ya baridi ya kuchanganyia yawe ni maji salama ya kunywa, yaliyochemshwa na kupozwa au ya chupa, usichukue ya bomba ukasema yataiva na yale ya moto, hayaivi. Na kwa sababu hiyo hiyo usijaribu kuchemsha maji "mpaka 80 tu" kama hayajatibiwa. Chemsha yatokote kabisa, alafu ndio upoze.

Ukiwa hutaki hesabu, kuna kuhamisha. Maji yaliyochemka yamimine kwenye kikombe kitupu cha baridi, kisha kutoka hapo kwenda kikombe kingine kitupu. Kila uhamisho unapunguza karibu digrii 10, kidogo zaidi kikombe kikiwa kizito. Wa pwani ahamishe mara mbili, wa nyanda za juu mara moja na subira kidogo inatosha. Wajapani wanafanya hivi hivi, wana hadi chombo maalum cha kupozea.

Na kuna macho, kwa wale wa sufuria. Viputo vidogo vidogo vinavyoganda chini ya sufuria na kuanza kuachia, mvuke mwepesi unapanda, hapo uko kwenye sabini kwenda themanini. Viputo vikubwa vinavyopanda kwa mfululizo pembeni, uko themanini na kitu kwenda tisini. Wachina wanaviita macho ya kamba na macho ya kaa, kwa ukubwa wake. Njia hii inakosea kirahisi, maana sufuria nyembamba kwenye gesi kali inatoa viputo chini wakati juu maji bado, kwahiyo koroga kabla hujaamini.

Kuna kitu kimoja kiko nyumbani kwa watu tayari na hawakitumii. Maji ya moto yaliyowekwa kwenye chupa ya chai asubuhi, ikifika saa nne au saa tano, kama chupa ni nzuri yanakuwa themanini na kitu hivi. Ni mabaya kwa chai nyeusi, ndio yale mnayolalamika ofisini kwamba chai haikolei, lakini kwa chai ya kijani yako karibu tayari kabisa. Hata zile mashine za maji za ofisini, bomba jekundu lake mara nyingi halifiki kuchemka, kwahiyo kifuko cha kijani pale kinatoka vizuri kuliko cha chai nyeusi.

Kupika chai ya kijani

Majani ni gramu 2 kwa mililita 200. Kifuko kimoja ni karibu hizo gramu 2, hapo huna kazi. Majani ya kumwaga yanadanganya kwenye kijiko: zile za Kichina zilizoviringwa vipunje vigumu, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kinaweza kufika gramu 3, wakati majani marefu yaliyolegea kijiko hicho hicho hakifiki hata gramu 2. Vipunje weka kijiko pungufu, majani marefu weka kijiko cha kujaa au kimoja na nusu.

Utaratibu ni maji ya baridi kwanza kikombeni, kisha ya moto, kisha majani mwisho. Huu mpangilio ndio watu wanaukosea, anaweka kifuko, anamwaga maji yanayotokota juu yake, alafu anaongeza baridi "kupoza". Umeshachelewa hapo, sekunde zile za kwanza maji ya 100 yameshafanya kazi yake kwenye jani, unachopoza sasa ni uchungu uliokwisha kutoka.

Majani yakishaingia, hesabu dakika mbili. Kifuko mara nyingi kina vumbi na vipande vidogo ambavyo vinatoa kila kitu haraka, kwahiyo dakika moja na nusu inatosha. Usikikamue kwa kijiko ukikitoa, ile ya mwisho inayotoka ndio kali. Jani zima linaweza kwenda mpaka dakika tatu. Kisha toa majani, chuja, usiyaache humo, maana muda na joto vinafanya kazi ile ile, digrii 80 kwa dakika kumi nayo itakupa uchungu.

Rangi iwe njano ya kukolea kidogo yenye ukijani. Ikiwa ya kahawia na harufu ya mboga iliyopikwa ikapitiliza, maji yalikuwa moto sana au imekaa sana, au chai ni ya zamani. Majani mazuri ya kumwaga unaweza kuyamwagia maji mara ya pili, ya moto kidogo kuliko ya kwanza na kwa muda mfupi, dakika moja hivi. Kifuko usihangaike, kimeisha.

Zile sencha za Kijapani zipeleke chini zaidi, 70 mpaka 80, na gyokuro ambayo inalimwa kivulini na ina theanini nyingi wanaiteremsha mpaka 50 au 60. Za Kichina za kukaangwa zinavumilia 80 mpaka 85.

Wapenda tangawizi na mdalasini, na sisi tuko wengi: viungo vinataka kuchemka, majani hayataki. Chemsha tangawizi peke yake dakika tano mpaka kumi, zima jiko, funua, subiri mpaka mvuke mkali utulie (sufuria ya lita moja inaweza kuchukua dakika kumi hivi), ndipo majani yaingie. Ndimu mwisho kabisa baada ya kuchuja. Maziwa kwenye chai ya kijani siwezi kumkataza mtu, ila sioni faida yake.

Kupika chai nyeusi

Hapa tatizo ni kinyume, kulinda moto usikimbie. Maji yawe yanatokota kweli kweli wakati unayamwaga, sio yalitokota dakika tatu zilizopita. Kama unatumia birika la kauri au kikombe kizito, kisuuze kwanza na maji ya moto uyamwage, kwasababu kikombe cha baridi kinaweza kuchukua digrii kumi hapo hapo. Mtu wa Kericho anayeanza na 93 kwenye kikombe cha baridi anapika chai kwenye 83, wakati majani yake yanataka tisini kwenda juu. Suuza, mwaga maji, funika. Dar unaweza kupuuzia kusuuza na bado ikatoka, huku juu usipuuzie.

Kiasi ni gramu 2 kwa kikombe, kijiko kimoja cha chai cha majani ya CTC. Vipunje vikubwa kidogo, ile daraja ya BP1, vipe dakika tatu mpaka nne. Vumbi, kama PD au D1, dakika mbili mpaka tatu zinatosha, inakolea haraka sana na ikipitiliza inakukwaruza. Majani marefu yasiyo ya CTC yaende mpaka dakika tano. Kwa chai ya rangi usiyaache yaendelee kuchemka jikoni: zima, weka majani, funika, hesabu, chuja, ndipo iingie kwenye chupa ya chai ikiwa haina majani. Wanaolalamika chai ya chupa inakuwa kali kadri inavyokaa, asilimia kubwa wameacha majani ndani.

Jipimie mwenyewe kwa vikombe vitatu

Kama bado unabisha, chukua vifuko vitatu vya chai ya kijani kutoka boksi moja na vikombe vitatu vya ukubwa mmoja. Cha kwanza maji yanayotokota, dakika tatu. Cha pili maji ya 80 kwa ule mchanganyo wa juu, dakika tatu. Cha tatu maji yanayotokota lakini toa kifuko baada ya sekunde 40. Acha vyote vipoe mpaka uvuguvugu, maana ulimi uliochomwa hauonji kitu, alafu kunywa bila sukari, anza na cha pili.

Cha kwanza ndicho kitakachokukausha mashavu. Cha pili laini zaidi, na ukimeza utamu unarudi polepole. Cha tatu ndio kinafundisha zaidi, kinakuwa karibu na cha pili kwa uchungu ila kina ukali wa juu juu na utamu wake ni mchache. Maana yake ni kwamba ukiwa safarini na una maji yanayotokota tu, unaweza kujiokoa kwa muda mfupi, japo sio sawa na joto sahihi.

Na kama cha pili nacho ni kichungu vile vile, shida sio maji. Teremka mpaka 70 kwa dakika moja, ikikataa basi ni majani, ni vumbi la daraja la chini au limekaa dukani muda mrefu, na hakuna joto litakaloliokoa. Kikiwa hakina ladha yoyote, ongeza majani kwanza kabla hujaongeza moto. Waonja chai wa kitaalamu wao wanamwagia maji yanayochemka hata chai ya kijani, kipimo cha kimataifa ni gramu 2 kwa mililita 100 kwa dakika sita, lakini wanatafuta kasoro za jani, hawanywi kwa starehe na wanatema.

Kwa wanaoishi kwenye joto la pwani kuna njia ya kuukwepa moto kabisa. Gramu 8, yaani vifuko vinne, kwenye lita moja ya maji salama ya baridi, funika, weka kwenye friji kwa muda wa saa nne mpaka sita au usiku kucha, toa majani. Theanini inatoka, katekini kali nyingi zinabaki kwenye jani, unapata chai tamu isiyokwaruza hata bila sukari. Imalize ndani ya siku hiyo. Chai nyeusi nayo inakubali hivi, inatoka laini na haina ukungu, ila usitegemee ule ukali wa chai ya asubuhi.